Bei ya kununulia au bei ya kuuzia? Bima ya mzigo dukani, na kwanini msimu wa Idi unakukuta na bima pungufu

Hili swali nimeulizwa sana na wenye maduka hasa wa nguo na viatu kipindi nipo ofisi ya broka hapa Dar: hivi mzigo wangu niukatie bima kwa bei niliyonunulia au kwa bei ninayouzia? Wengi wanauliza wakiwa na jibu tayari kichwani, wanaona bei ya kuuzia ndo janja maana ni kubwa, duka likiungua unalipwa na faida yako humo humo. Sio uongo moja kwa moja, ila kuna kitu kinakula watu zaidi ya hilo swali nacho ni msimu. Unaweza ukachagua bei yoyote kati ya hizo mbili na moto ukija wiki mbili kabla ya Idi ukalipwa nusu tu, tena nusu ile ile, shilingi kwa shilingi, nitakuonyesha kwa hesabu.

Nitatumia duka moja la mfano mwanzo mwisho tusichanganyane. Duka la nguo za watoto Kariakoo, mama anaagiza mzigo Guangzhou, unakuja na kontena la kuchangia, anauza rejareja na jumla kidogo. Miezi ya kawaida dukani kuna mzigo wa milioni 60 kwa gharama, kwahiyo alipokata bima mwezi wa nane aliandika milioni 60, na siku ile ilikuwa sahihi kabisa hakudanganya mtu. Mwezi wa tatu, Idi imekaribia, dukani kuna mzigo wa milioni 120. Anaongeza asilimia 40 juu ya gharama akiuza, maana yake ule mzigo kwa bei ya kuuzia ni milioni 168. Usiku shoti ya umeme, ghorofa ya juu inaungua, chini panaokolewa. Kilichoungua kwa gharama ni milioni 50, kwa bei ya kuuzia milioni 70.

Vitu vya kuangalia kabla hujachagua

Mimi naangalia vinne tu. Cha kwanza ni unalipwa nini hasa kitu kikiungua. Cha pili utathibitishaje, maana adjasta, yule anayetumwa kukadiria hasara yako, hatakuja na roho nzuri atakuja na kalkuleta. Cha tatu premiamu unayolipa kwa mwaka. Cha nne, ndo kikubwa, ni avereji inakugusaje.

Avereji kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: ni kipengele kipo karibu kila mkataba wa bima ya moto, kinasema kama kiasi ulichokatia bima ni kidogo kuliko thamani ya mzigo uliokuwepo siku ya tukio, basi sehemu iliyobaki umejibimia mwenyewe na hasara mnagawana kwa uwiano huo huo. Hesabu yake ni hii:

```
malipo = hasara x kiasi cha bima / thamani ya mzigo wote siku ya tukio
```

Watu wengi wanaelewa vibaya hapa. Wanasema mimi nina bima ya milioni 60 na kilichoungua ni milioni 50, si inatosha? Haitoshi. Hawaangalii kilichoungua peke yake, wanaangalia na kile ambacho hakikuungua kule chini, maana nacho kilikuwa kwenye bima.

Ukikata kwa bei ya kununulia

Unalipwa nini: gharama ya kurudisha mzigo ule ule pale dukani kama ulivyokuwa dakika moja kabla ya moto. Faida haimo. Na ndo msingi wa bima yenyewe, ikurudishe ulipokuwa, isikutajirishe, kwahiyo kama mkataba wako haujaandika chochote kuhusu bei basi chukulia ni hii.

Ila neno "kununulia" linadanganya. Gharama sio ile namba ya kwenye invoisi ya mchina. Chukua gauni moja la mtoto: invoisi 14,000, usafiri wa kontena na ushuru 4,500, kutoa mzigo kwa ajenti, makuli na gari mpaka dukani 1,500. Gharama ni 20,000. Sasa kuna watu wanakata bima kwa kujumlisha invoisi, maana ndo karatasi aliyonayo mkononi, yaani anaandika 14,000 kwenye kitu cha 20,000, huyo ameshapoteza asilimia 30 kabla hata msimu haujafika. Na VAT ndo hivyo hivyo, kama umesajiliwa na unairudisha TRA basi usiiweke kwenye gharama, kama hujasajiliwa na huirudishi iweke maana ni hela yako imetoka.

Halafu ni gharama ya siku ya tukio, sio ya mwaka jana uliponunua. Wanaoagiza nje wanakumbuka dola ilivyotoka kwenye 2,300 na kitu mwanzoni mwa 2023 mpaka kupita 2,600 katikati ya 2024. Mzigo uleule, vipande vilevile, ila ukitaka kuurudisha unahitaji shilingi nyingi zaidi. Aliyeacha kiasi chake cha bima kama kilivyo kwa miaka hiyo miwili alijikuta ana bima pungufu bila kuongeza hata soksi moja dukani. Na kinyume chake pia kipo, mtindo uliopita ulioganda kwenye rafu tangu mwaka juzi adjasta hatakupa gharama yake kamili, ataukata, na hapo mkibishana mara nyingi utashindwa.

Uthibitisho: hii ndo rahisi kati ya mbili. Adjasta anaanza na mzigo uliohesabu mara ya mwisho, anaongeza manunuzi yenye karatasi, anatoa mauzo baada ya kuyashusha kuwa gharama. Kwa mama yetu, Januari mosi alihesabu milioni 55, akaingiza mzigo wa milioni 110 mpaka mwezi wa tatu, mashine ya EFD inaonyesha ameuza milioni 63. Milioni 63 ukigawa kwa 1.4 unapata 45, ndo gharama ya vilivyotoka. Kwahiyo 55 jumlisha 110 toa 45, dukani lazima kulikuwa na 120. Unaona sasa haina haja ya yeye kusema chochote, karatasi zake zimeshasema.

Hapa niseme kitu kidogo watu hawapendi kusikia. Ukiuza bila kutoa risiti, karatasi zitaonyesha mauzo madogo, na mauzo yakiwa madogo mzigo wa kwenye makaratasi unakuwa mkubwa kuliko uliokuwepo kweli. Adjasta akihesabu majivu na mabaki akaona pengo, swali linalofuata sio la hasara tena ni la uaminifu, na udanganyifu kwenye madai unaweza ukafuta dai zima. Ukinunua bila karatasi ni kinyume, mzigo upo na umeungua kweli ila kwenye hesabu haupo. Wale wa mali kauli mjiangalie hapa, kama nusu ya duka ni mzigo wa mtu umechukua kauli hujalipa, hakikisha mkataba unataja mzigo wa watu wengine ulio chini ya dhamana yako, na uwe na hata kidaftari chenye sahihi ya mwenye mali, la sivyo utajikuta bima inalipa mzigo wako tu na deni la kauli linabaki shingoni.

Premiamu: ndogo kuliko ile nyingine. Tuseme kiwango ni asilimia 0.3, milioni 60 unalipa 180,000, milioni 120 unalipa 360,000, bado kodi.

Avereji kwa mama yetu: hasara 50, bima 60, mzigo siku ile 120.

```
50,000,000 x 60,000,000 / 120,000,000 = 25,000,000
```

Milioni 25. Toa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, tuseme asilimia 10, anabaki na 22.5 kwa hasara ya 50. Na hajaibiwa na mtu, hesabu ipo sawa.

Inamfaa nani: mwenye duka la rejareja ambaye mzigo anaweza kuupata tena haraka. Kama unanunua jumla pale pale Kariakoo, ukilipwa leo keshokutwa rafu zimejaa, faida uliyokosa ni ya siku chache. Inamfaa pia ambaye makaratasi yake ya manunuzi yapo vizuri kuliko ya mauzo.

Ukikata kwa bei ya kuuzia

Unalipwa nini: bei ambayo ungeuzia, ukitoa punguzo ambalo kawaida unawapa wateja na ukitoa gharama ambazo hukuzitumia kwa sababu hukuuza, mfano mifuko, kamisheni ya muuzaji, bodaboda wa kupeleka. Watu wanasahau hiyo sehemu ya kutoa. Pia bei inayoangaliwa ni ya siku ya tukio. Gauni la 28,000 usiku wa kuamkia Idi likiwa limebaki, wiki moja baada ya Idi unaliuza 21,000 ili litoke, basi likiungua wiki hiyo thamani yake ni 21,000, usitegemee ile bei ya kilele.

Na hii haiji yenyewe. Lazima iandikwe kwenye mkataba kabisa kuwa mzigo utathaminiwa kwa bei ya kuuzia, kampuni nyingi kwa duka la kawaida la rejareja hazipendi, wanaona ukilipwa na faida moto unakuwa mteja mzuri kuliko wateja. Mara nyingi wanaikubali kwa mzigo ulioshauzwa ila haujachukuliwa, na kwa anayetengeneza mwenyewe. Mtu wa jumla ana oda ya Mwanza, mteja kashatuma hela, marobota yamefungwa yanasubiri basi la asubuhi, hapo bei ya kuuzia haina ubishi maana imeshaandikwa kwenye risiti.

Uthibitisho: mgumu zaidi. Bei ya Kariakoo inategemea umeamkaje, mteja wa kwanza 28,000, mteja wa jioni anayejua kupatana 24,000, wa jumla 22,500. Adjasta atauliza ipi ndo bei yako, na jibu lake atalitafuta kwenye EFD sio mdomoni kwako. Kama risiti zako zinasema wastani wa 24,000, basi bei yako ya kuuzia ni 24,000 hata kama kikaratasi kwenye gauni kimeandikwa 28,000.

Premiamu: kubwa zaidi, maana kiasi cha bima lazima nacho kiwe kwa bei ya kuuzia. Mzigo wa milioni 168 kwa asilimia 0.3 ni 504,000, wakati kwa gharama ungelipa 360,000. Hizo 144,000 za juu ndo bei ya kuilinda faida.

Avereji, sasa twende taratibu hapa maana ndo kiini. Tuseme mama yetu alikuwa mjanja akaomba kipengele cha bei ya kuuzia kiandikwe, akaandikiwa, ila kiasi cha bima akaacha ile ile milioni 60. Moto ule ule. Hasara sasa inahesabiwa 70, sawa, ila na mzigo wote nao unahesabiwa 168.

```
70,000,000 x 60,000,000 / 168,000,000 = 25,000,000
```

Milioni 25 ile ile! Bei ya kuuzia inapandisha hasara na inapandisha thamani ya mzigo wote kwa uwiano mmoja, zinafutana. Nimewahi kumuonyesha mteja hii hesabu akarudia mara tatu kwenye simu yake akidhani nimebonyeza vibaya. Na hata kama angekuwa ameweka milioni 120, yaani kiasi sahihi cha gharama ya msimu, halafu kipengele kikasema bei ya kuuzia, angepata 70 mara 120 gawa kwa 168, jibu ni 50. Gharama yake tu, faida hakuna. Ili apate ile 70 yote inabidi kiasi cha bima kiwe 168 kamili.

Upande wa pili nao una kichekesho chake. Kuna wanaoandika kiasi cha bima kwa bei ya kuuzia, 168, wakati mkataba unathamini kwa gharama. Faida hawatalipwa ng'o, watapata 50 yao basi, na premiamu ya ziada wanailipa kila mwaka. Ila bila kujua wamejiwekea nafasi, mzigo wao unaweza kuongezeka mpaka 168 kwa gharama kabla avereji haijawagusa. Sikushauri uitumie kama mbinu, ni njia ghali ya kufika ambako kuna njia rahisi, lakini nimeona watu imewaokoa kwa bahati.

Inamfaa nani: mwenye mzigo ambao umeshapata mnunuzi, fundi wa samani au wa nguo ambaye gharama ya kitu ni vigumu kuitenganisha na nguvu zake, na yule ambaye mzigo ukiungua msimu huu hauwezi kurudi kabla msimu haujaisha. Kontena kutoka China njiani linakula wiki kadhaa, ukiungua siku kumi kabla ya Idi hata ukilipwa kesho yake faida ya Idi imeenda. Ila kwa huyu wa mwisho kuna njia nyingine, bima ya hasara ya biashara kusimama, ambayo inalipa faida ghafi iliyopotea kipindi duka limefungwa, na inalipa hata mishahara na kodi ya pango. Ukiwa nayo usiweke tena bei ya kuuzia kwenye mzigo, faida moja hailipwi mara mbili na wewe unailipia premiamu mara mbili.

Sasa msimu wenyewe

Ukishaelewa hiyo 25 kujirudia utaona tatizo halikuwa bei, tatizo lilikuwa 60 juu ya 120. Na hiyo inatokea maduka mengi sana kwa sababu bima inakatwa mara moja kwa mwaka na mzigo haukai sawa mwaka mzima. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, siku kama kumi hivi kabla ya Idi kubwa, tarehe ambayo mfanyabiashara yeyote wa nguo au vyakula anajua stoo inakuwaje.

Dawa zipo tatu, nazo nizipime kwa yale yale: zinalipa vipi, zinataka karatasi gani, bei gani, na avereji.

Ya kwanza ni kuweka kiasi cha kilele mwaka mzima. Mama yetu aandike 120 tangu mwezi wa nane. Analipa 360,000, hana cha kukumbuka, hana cha kutangaza, avereji haimgusi labda msimu uzidi matarajio. Ubaya ni kwamba miezi nane ya mwaka analipia mzigo ambao haupo, na hata duka likiungua mwezi wa tano likiwa na mzigo wa 60 atalipwa 60, sio 120. Inamfaa mwenye mzigo usiopanda na kushuka sana, na mtu ambaye anajijua ni msahaulifu.

Ya pili ni nyongeza ya msimu. Unabaki na 60, halafu unaongezewa 60 kwa tarehe maalum kwa endosmenti, yaani karatasi ya kubadilisha mkataba. Kwa Idi ya 2026 tuseme 1 Februari mpaka 31 Machi, siku 59, na kama wanakuhesabia kwa siku basi 180,000 mara 59 gawa kwa 365, kama 29,000 hivi. Elfu ishirini na tisa ndo ingemtoa mama yetu kwenye 25 kwenda 50. Ukiongeza na Novemba na Desemba nayo ni kama 30,000, mwaka mzima jumla 239,000. Kampuni nyingine hazihesabu kwa siku zina kiwango cha muda mfupi ambacho ni kikubwa zaidi, uliza kabla. Na uilipie kabla tarehe haijaanza, maana nyongeza isiyolipiwa ni kama haipo, halafu hakikisha umeshika hiyo endosmenti mkononi na tarehe zake na kiasi kimeandikwa, ahadi ya kwenye WhatsApp kuwa "tumeshakuwekea dada" haitakusaidia mbele ya adjasta.

Mtego wa nyongeza ni tarehe. Kuna mikataba inakuja na nyongeza ya moja kwa moja ya asilimia fulani kwa Novemba na Desemba, imeandikwa kwa kufikiria Krismasi. Idi haikai sehemu moja. Idi ndogo ya 2024 ilikuwa 10 Aprili, 2025 ikawa mwisho wa Machi, 2026 ni kwenye tarehe 20 Machi, 2027 itakuwa kwenye tarehe 10, kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11. Aliyeandikiwa Machi na Aprili miaka mitatu iliyopita na akawa anarudia tu fomu, mzigo wake sasa unaingia Februari mapema wakati bima bado imelala. Mwaka 2031 Idi ndogo itaangukia Januari kabisa, na wanaouza nguo na sare za shule kwa pamoja watakuwa na misimu miwili imepandana kwenye stoo moja. Na ukumbuke kilele cha mzigo sio siku ya Idi, siku ya Idi rafu ni nyeupe, kilele ni siku kontena lilipofunguliwa, kwahiyo tarehe ya kuanzia iwe ya mzigo kufika sio ya mwezi kuandama. Na kontena likichelewa bandarini piga simu usogeze tarehe.

Ya tatu ni bima ya kutangaza. Unaweka kikomo cha juu, 120, unalipa kwanza sehemu ya premiamu, mara nyingi asilimia 75, hapa 270,000, halafu kila mwezi unapeleka thamani ya mzigo. Mwisho wa mwaka wanachukua wastani wa ulizotangaza. Kama wastani wa mama yetu ni milioni 75, premiamu halali ni 225,000 anarudishiwa 45,000, japo angalia kwenye mkataba kuna kiwango cha chini ambacho hawarudishi. Karatasi ndo nyingi hapa, miezi kumi na mbili kila mwezi una siku zako za kupeleka, ukichelewa wanachukulia umetangaza kikomo kizima. Na ukitangaza pungufu ili premiamu ishuke unajichimbia, maana moto ukitokea wanalinganisha tangazo lako la mwisho na mzigo uliokuwepo kweli tarehe ya lile tangazo, ulisema 80 na ilikuwa 100 basi dai lako linalipwa asilimia 80. Kampuni kwa kawaida wanawapa wenye mzigo mkubwa, duka la milioni 60 unaweza ukaambiwa haiwezekani.

Kitu kimoja cha kupitia haraka kwa zote tatu: anuani. Msimu watu wanakodi stoo ya pili, chumba cha ghorofa ya tatu jengo la jirani, na bima imeandikwa duka namba fulani. Mzigo wa kule haumo, hata kama kiasi kinatosha. Ukiomba nyongeza ya kiasi omba na anuani siku hiyo hiyo.

Kwa hali yako

Kama unauza rejareja, unanunulia hapa hapa mjini na mzigo wako haupandi zaidi ya robo msimu, kaa kwenye bei ya gharama, weka kiasi cha kilele mwaka mzima, tofauti ya premiamu ni ya chai. Hakikisha tu gharama uliyoandika ni ya kitu kikiwa kwenye rafu.

Kama unaagiza nje na msimu mzigo unakuwa mara mbili kama wa mama yetu, gharama pamoja na nyongeza ya msimu, na weka alamu kwenye simu siku unayolipia kontena, sio siku linapofika, maana hapo una wiki kadhaa za kufuatilia endosmenti bila presha. Kama faida ya Idi ndo inayolipa kodi ya pango ya mwaka, muulize broka bei ya bima ya biashara kusimama kabla hujagusa bei ya kuuzia.

Kama ni mtu wa jumla na una oda zilizolipiwa zinakaa stoo, omba bei ya kuuzia kwa hizo tu, mzigo mwingine ubaki kwa gharama. Inawezekana kutenganisha, viandikwe kama vitu viwili tofauti kila kimoja na kiasi chake. Fundi wa makochi au mwenye karakana ya kushona, kwako bei ya kuuzia ina mantiki kwa vilivyokamilika, na mbao, vitambaa na sponji vibaki gharama.

Kama mzigo wako ni mkubwa, unapanda na kushuka kila mwezi bila mpangilio, na una mtu wa hesabu anayejua kufunga mwezi, nenda kwenye kutangaza. Kama mtu wa hesabu ni wewe mwenyewe usiku baada ya kufunga duka, achana nayo.

Na kama saa hizi una mkataba na hujui unasema bei gani, utoe utafute sehemu inayoelezea thamani ya mzigo, usipoona kitu ni gharama. Halafu ingia stoo uhesabu mzigo wa leo kwa gharama ya kuufikisha pale, ugawe kiasi chako cha bima kwa namba hiyo. Ikija 0.5 ndo utakavyolipwa, nusu, kabla ya eksesi.